Tumehama, Namba Mpya Ni Hii

Ujumbe wenyewe niliuandika kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika tangu nimalize shule. "Ndugu mteja, ndugu msambazaji wetu. Tumehama kutoka Mwembesongo. Sasa tunapatikana Kilakala, ukiacha lami kata kulia kwenye mashine ya kukoboa, nyumba yenye geti la bluu. Namba yetu mpya ni hii unayoiona. Namba ya zamani haitumiki tena, tafadhali usipige. Biashara ni ileile, viungo ni vilevile." Niliusoma kwa sauti, nikabadilisha "msambazaji" nikaweka "mkulima", nikarudisha "msambazaji", kisha nikautuma kwa kila mtu aliyewahi kununua au kuniuzia hata kikombe cha iliki.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwenye mgahawa mmoja pale mjini, mtu niliyemuuzia pilipili manga miaka nenda rudi. Aliandika: "Na ile hela nitume humu humu?" Wa pili akaandika: "Tafuta kazi ufanye, tapeli mkubwa we." Wa tatu aliuliza kama na yule mganga wa kwenye meseji naye amehama. Wengine hawakujibu kabisa, na hao ndio walioniumiza zaidi, maana anayekutukana angalau amekusoma.

Hata mimi ningejibu vivyo hivyo. Nani nchi hii hajapata meseji ya mtu asiyemjua akimwambia ile hela aitume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo? Tumeshaumwa kiasi kwamba namba mpya ikiingia kwenye simu tunaitazama kama tunavyomtazama mgeni aliyepita mlangoni bila kubisha hodi. Halafu mimi, kwa akili zangu timamu, nikawatumia watu namba mpya na juu yake nikawaonya wasipige ile ya zamani. Hata tapeli mwenyewe asingeupanga ujumbe wake vizuri hivyo.

Lakini nilikuwa na sababu yangu. Namba ya zamani ilikuwa mikononi mwa kaka yangu.

Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikimwangalia mkunga kwa jicho la pembeni. Na kaka yangu ndiye mtu niliyemshuku kuliko wote, kwa sababu ndiye niliyemjua kuliko wote. Tuliianza biashara ya viungo pamoja katika fremu moja ya duka pale Mwembesongo. Yeye alikuwa anapanda mlimani Kinole kuleta mali, mimi nasaga, nafungasha na kuuza. Serikali ilipotaka laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, mimi kitambulisho changu cha taifa kilikuwa bado hakijatoka, kwa hiyo laini ya biashara tukaisajili kwa kidole chake. Wakati huo hatukuona neno, tulikuwa ndugu na duka lilikuwa moja.

Tulipokosana hapakuwa na kisa cha kueleweka na mtu wa nje. Yeye alichoka na viungo, akataka tuweke spea za pikipiki. Mimi nikamwambia pilipili manga na oili havikai rafu moja. Maneno yakazaa maneno, yakafufuka mpaka ya utotoni. Mwishowe tukagawana: yeye akabaki na fremu, mimi nikachukua mashine ya kusaga, mizani na wateja. Kuhusu laini, nilimwambia twende kwa wakala wa simu tubadilishe umiliki. Alikataa. Alisema benki yake, bima yake, kikundi chake na kila kitu chake vimefungwa kwenye laini hiyo.

"Wateja si umechukua wewe?" aliniambia. "Basi waambie uliko."

Hapo ndipo shaka langu lilipoota mizizi. Mtu anayeacha viungo ang'ang'anie namba ya viungo ya nini? Nilijipa jibu mwenyewe. Wateja wataendelea kupiga namba ileile waliyoizoea, atapokea yeye, atawaambia karibuni palepale. Wiki mbili tu, spea zitasogezwa pembeni na magunia yatarudi.

Basi nikajitosa kuutangaza uhamisho wangu kwa kila njia. Mtandaoni niliweka picha ya geti la bluu. Manispaa nikaenda kubadilisha anuani kwenye leseni, mamlaka ya kodi nikaenda kubadilisha kwenye taarifa zangu za mlipakodi, na wakala wa mashine ya risiti akaja kurekebisha ili risiti isiendelee kuandika Mwembesongo wakati mimi nasimama Kilakala. Kwa serikali kuhama ni rahisi: unapeleka mkataba wa pango, barua ya serikali ya mtaa na uvumilivu. Ugumu uko kwa binadamu.

Mteja wangu mkubwa kuliko wote alikuwa chuo kimoja chenye jiko la kulisha wanafunzi. Kule meseji haifai kitu. Nikaandaa barua yenye nembo, nikaeleza anuani mpya na namba mpya, nikasisitiza kwamba akaunti ya benki haijabadilika, nikagonga muhuri, nikaipeleka kwa mkono wangu.

Mhasibu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia, aliisoma, akaisoma tena, kisha akaigeuza barua inielekee.

"Dada, barua inasema Kilakala. Muhuri unasema Mwembesongo."

Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimeutangaza uhamisho kwa muhuri wa anuani niliyohama. Hata namba ya simu iliyokuwa ikizunguka pale kwenye wino wa zambarau ilikuwa ya kaka.

"Nitachonga muhuri mpya, mama. Kesho nakuletea."

"Lete. Lakini nao hautafanana na ulioko kwenye jalada letu." Alivua miwani. "Usichukie. Sisi hapa mzabuni akituletea mabadiliko, hatupigi namba iliyoandikwa kwenye barua ya mabadiliko. Tunapiga namba tuliyokuwa nayo toka mwanzo. Si wewe tu, ni utaratibu. Mtu akitaka kutuibia, barua ataandika yeye na simu atapokea yeye."

Akachukua simu ya mezani, akaipiga namba ya zamani mbele yangu. Niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili. Simu iliita mpaka ikakata.

"Haipokelewi. Tutajaribu tena," alisema, akaweka barua yangu kwenye trei.

Niliondoka pale nikiwa na uhakika kwamba biashara yangu imo ndani ya mfuko wa suruali ya kaka yangu, na kwamba anasubiri tu wapige tena. Nilichonga muhuri mpya, nikaupeleka. Baada ya siku chache oda ya chuo ikaja kwenye namba mpya kama kawaida. Nilifurahi na kujisemea kwamba muhuri umefanya kazi. Wala sikujiuliza zaidi. Mtu wa kushuku akipata jambo zuri halichunguzi, anachunguza mabaya tu.

Oda ilikuwepo, lakini mali haikuwepo. Pilipili manga yangu nzuri ilitoka kwa mama mmoja wa Kinole, mjane aliyekuwa na mashamba ya ukoo wake kwenye mteremko, na ambaye majirani walikuwa wakimkusanyia mali yao uani kwake kwa kuwa mizani yake haikuwa na longolongo. Mali yake ilikuwa imekauka sawasawa, nyeusi, nzito, haina vijiti wala mchanga. Msimu ulikuwa umefika. Kila mwaka kipindi kama hicho alikuwa anapiga simu yeye mwenyewe: "Njooni, nimeshaanua." Safari hii kimya. Akiba yangu ilikuwa imefika kwenye kitako cha gunia, na nikishindwa kulisha chuo mwezi wa kwanza tu baada ya kuhama, wangetafuta mwingine, na geti la bluu ningelifunga kabla rangi haijakauka.

Nikampigia. Mara ya kwanza hakupokea, mara ya pili akakata. Nikampigia tena.

"Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa viungo wa Mwembesongo. Nimehama, nilikutumia ujumbe."

"Marahaba." Nilisikia kuku. "We nani?"

"Ni mimi mama, sauti yangu huijui?"

"Sauti hata hao wezi wanazo. Mwenzangu hapa ng'ambo ya mto alipigiwa na mwanawe kabisa, analia yuko hospitali. Mwanawe yuko shambani analima."

"Niulize chochote, mama. Niulize nilipokuja mara ya mwisho tulikula nini."

"Tulikula nini?"

Nikakwama. Kila nilipopanda kwake nilikula, na kila nilipokula ilikuwa ndizi. "Ndizi," nilisema.

"Huku kila mtu anakula ndizi," alisema. "Sikiliza wewe, kama ndiye wewe. Mlipokuja mara ya kwanza kuniomba mali mlikuja wawili, wewe na kaka yako. Mlikaa hapa kwenye kigoda kimoja kimoja mkaniambia mimi fulani, huyu ndugu yangu, namba yetu hii. Kama mmehamishana, basi mje wawili mniambie. Simtoi mtu wangu kwenye simu kwa sababu ya mtu wa kwenye simu."

Akakata.

Kwenda kwa kaka ndicho kitu nilichokuwa nimeapa kutokifanya. Kwanza nikaenda kumchungulia. Nilijitanda ushungi mpaka puani nikapita Mwembesongo upande wa pili wa barabara, nikasimama kwenye genge la nyanya nikiminya nyanya ambazo sikuwa na haja nazo. Fremu yetu ilikuwa imejaa matairi yaliyoning'inizwa. Lakini akatokea mama mmoja na kiroba begani, akaingia, wakazungumza na kaka, halafu akatoka, kiroba bado kikiwa kimejaa. Mara simu ikaita, kaka akapokea, akawa anaongea huku ananyoosha mkono kuelekeza njia, kama watu wanavyofanya, utadhani wa upande wa pili anaona. Nikajua kwisha. Anawaelekeza watu kwake. Yule mama karudishwa kwa kuwa mali yake haikuwa nzuri, wenye mali nzuri wanapokelewa.

Mwenye genge akaniambia dada, hizo nyanya kama hununui ziache zipumue.

Nilivuka barabara nikiwa na hasira za kutosha kuchemsha maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa, lakini nilipofika mlangoni nikakumbuka kitako cha gunia langu, nikayameza. Kumwomba mtu unayemwona mwizi akufuate kwenda kukutolea ushahidi kwa mtu unayedhani ameshakuibia ni jambo la ajabu, na nililifanya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Alikuwa anahesabu boli. Hakuinua uso. "Umepotea."

"Mama wa Kinole anataka twende wote wawili. Anasema bila hivyo hanipi mali."

Akaacha boli. "Anataka nikaseme nini?"

"Ukaseme kwamba hauko tena kwenye viungo." Nilimwangalia machoni. "Kama kweli hauko."

Akacheka kwa pua. "Unaona hapa kuna karafuu?"

"Sioni. Ndiyo maana nauliza."

"Mafuta ya pikipiki juu yako," alisema, akarudi kwenye boli zake.

Tulipanda kesho yake asubuhi. Mimi nyuma, yeye mbele, tukaiacha Bigwa nje ya mji mpaka barabara ikaanza kupinda. Nilikuwa napanga nitakavyomnasa. Nilikuwa na hakika kwamba mbele ya mama atasema nusu: atasema mimi nimehama, hatasema kwamba yeye hauzi tena. Au atasema namba zote mbili zinafaa. Mtu anaweza kukunyang'anya biashara kwa neno moja dogo tu, na nilikuwa nimejipanga kulidaka likiwa bado hewani. Huku nikimtazama mgongo, niliona amenunua jaketi mpya, na hata hiyo nikaishuku.

Mama wa Kinole alitupokea uani kwake. Turubai zilikuwa zimetandazwa, pilipili imegeuka nyeusi juani, na harufu ilinipanda mpaka machoni. Tukamwamkia, akaitikia, akatuonyesha vigoda. Alituketisha mbalimbali, mmoja huku mmoja kule, yeye akasimama katikati na ungo wake.

"Haya. Nani kamfukuza mwenzake?"

"Hakuna aliyefukuzwa, mama," kaka alisema. "Mimi nimeacha viungo. Nauza spea. Yeye ndiye mwenye viungo sasa, peke yake."

Nilikaa nikisubiri lile neno dogo. Halikuja.

"Wewe umeshaacha kabisa?" mama alimuuliza. "Kesho usije ukaniambia nilimpa mali mtu nisiyemjua."

"Nimeacha kabisa."

Mama akanigeukia. "Sawa. Namba yako ni ipi? Nitajie kwa mdomo, nione kama ni ile iliyokuja kwenye simu yangu."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta simu. Namba ile ilikuwa mpya na ilikuwa yangu, na nani anajipigia simu mwenyewe? Sikuwa nimeikariri. Nikaanza tarakimu za mwanzo, ambazo kila mtu wa mtandao ule anazo, nikaishia hapo. Mama akanitazama kama alivyokuwa akiitazama mali yenye mchanga. Simu ikawa haitaki kufunguka, kidole kilikuwa na jasho.

Kaka akaitaja. Aliitaja yote, mfululizo, macho yakiwa kwenye turubai, kama mtu anayesoma sala aliyofundishwa utotoni. Kisha bila kuulizwa akaendelea: "Kilakala. Ukiacha lami kata kulia kwenye mashine ya kukoboa, nyumba yenye geti la bluu."

Mama alikuwa ameshatoa simu yake kifuani. Akamwambia airudie. Akairudia polepole, na yeye akawa anagusa kila tarakimu kwa kidole kwenye ule ujumbe wangu. Zilipokwisha, akaitikia kwa kichwa.

"Umeijuaje namna hiyo?" akamuuliza.

"Si ndiyo kazi yangu, mama. Naitaja kutwa. Watu wakipata meseji yake hawaiamini, wananipigia mimi, wananisomea na kuuliza kama ni kweli. Migahawa, wenye maduka, wakulima wanakuja na viroba vyao mpaka dukani. Kuna mama mhasibu wa chuo, huyo alinihoji kama polisi. Spea zenyewe nauza saa ngapi?" Alisema hayo yote kwa mama, hakunigeukia hata mara moja.

Nilikuwa nimeshaipata simu yangu, nimeishika mkononi, haina tena kazi. Niliona aibu, na juu ya aibu nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimebeba tuhuma zangu mlima mzima na sasa sikuwa na pa kuzitua. Nilimtafuta mama wa kiroba kichwani mwangu nikamwona akitoka dukani kuelekea kwangu. Na kweli alikuja kwangu siku ile jioni, nilinunua mali yake, na sikumuuliza kaelekezwa na nani.

Mama akaanza kutupimia. Gunia moja, la pili, akaifunga midomo ya magunia kwa kamba ya mgomba. Nilidhani yamekwisha, nikamwambia basi mama, sasa ifute ile namba ya zamani.

"Siifuti," alisema. "Yako nimeiweka, nitakupigia. Lakini siku nikiwa na wasiwasi na wewe, nitampigia yeye."

Mzigo wenyewe ungeshuka na gari la jioni, sisi tukatangulia. Tulishuka taratibu kwa sababu ya mawe.

"Kwa nini hukuniambia kwamba wanakupigia?" nilimuuliza mgongoni.

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Upepo ulikuwa unapiga, ningeweza kujifanya sijasikia.

"Nisingeamini," nilisema.

"Ndiyo hivyo."

Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenifokea. Karibu na Bigwa simu yake ikaita. Akaegesha pikipiki pembeni, akatazama kioo, akapokea. Nilishuka nikasimama vumbini nikimsikiliza kaka yangu akimwambia mtu nisiyemjua: ndiyo, ni kweli, amehama, si tapeli, ni mdogo wangu wa tumbo moja, chukua kalamu uandike.